Barua kwa Jirani Anayeziba Geti

Sinza, Dar es Salaam, nyumba zimebanana na vichochoro vingi ni vyembamba. Gari moja likiegeshwa mbele ya geti la watu, wa ndani hatoki. Wengi huanza na honi, kisha yakafuata maneno makali ya barazani. Barua hukumbukwa mwisho, ilhali ndiyo inayompa jirani nafasi ya kujirekebisha bila kuaibika mbele ya mtaa.

Shida ni kwamba barua wanayoizoea wengi ni ya kiofisi: anwani juu kulia, "Yah:" iliyopigiwa mstari, halafu "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Jirani akiisoma anajiona ameshitakiwa. Akikuta chini imeandikwa "Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa", ugomvi umeshaanza.

Ya ujirani huwa fupi, mfano hii:

"Habari za nyumbani, jirani. Jumanne asubuhi nilikuwa nampeleka mama kliniki, nikakuta gari limesimama mbele ya geti letu. Nilipiga hodi kwako, hakukuwa na mtu, tukachelewa. Najua wageni wakija nafasi huwa finyu. Naomba mbele ya geti pabaki wazi, pamoja na hatua mbili kila upande ili gari liweze kukata kona. Ikibidi kusimama hapo kidogo, nipigie kwanza kwa namba hii. Wasalimie nyumbani."

Mwandishi ametaja siku moja na hasara moja. Hakusema "kila siku", neno ambalo jirani angelibishia. Amesema "gari limesimama", si "umeziba", kwa kuwa huenda aliyeliacha pale ni mgeni au fundi.

Zile hatua mbili nazo zina sababu. Gari dogo lina upana wa karibu mita 1.7, hivyo geti la mita 3 huonekana linatosha. Lakini kwenye kichochoro chembamba gari haliingii moja kwa moja, lazima lipinde, na pua yake hupita nje ya upana wa geti. Jirani asipoambiwa hilo ataacha upana wa geti tu, aamini ametenda haki, na siku ya pili mtagombana upya.

Barua hupelekwa kwa mkono, ndani ya bahasha, jioni watu wakiwa wametulia. Ikibandikwa kwenye kioo cha gari, wapita njia wataisoma kabla ya mwenyewe. Na kama gari ni la mgeni, ataondoka nayo.

Mwandishi abaki na nakala yenye tarehe. Hali ikiendelea, aandike ya pili akiitaja ile ya kwanza. Nayo isipojibiwa, nakala zote mbili ziende kwa mjumbe wa nyumba kumi, awaite wote wawili wazungumze, na mwenyekiti wa mtaa afuate baada yake.