Ahadi kwa Kila Kilomita: Kupanga Matembezi ya Hisani Masieda

Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, mwanariadha aliyeanguka na kuumia goti katika maratoni ya Olimpiki ya Meksiko mwaka 1968, akafungwa bendeji na kumaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Sifa yake haipingiki. Hata hivyo, anayepanga matembezi ya kuchangia matibabu katika kata ya Masieda asiifanye hadithi hiyo kuwa kanuni, kwa kuwa miongoni mwa washiriki watakuwamo wagonjwa wa kisukari, wenye shinikizo la damu na wazee. Mfadhili akiahidi fedha kwa kila kilomita, kila hatua huwa na bei, na mtu aliyechoka huona aibu kusimama.

Ndiyo maana twashauri mzunguko mfupi badala ya njia ndefu ya kwenda na kurudi. Tuseme ni mzunguko wa kilomita 2.5 unaoanzia na kuishia katika uwanja wa shule, nao watembea kwa hiari mara moja hadi nne. Muuguzi aliyeketi mwanzoni humwona kila mtu akipita, na anayetaka kuacha huacha penye kivuli, maji na jamaa zake, pasipo kuhitaji gari la kumfuata porini.

Kwa kuwa kilomita ndiyo kipimo cha fedha, njia ipimwe mapema. Baiskeli yatosha. Mtu aikalie, gurudumu lizunguke mara kumi, na umbali huo upimwe kwa futi kamba. Ukipata mita 20.7, basi kilomita 2.5 ni mizunguko 1,208. Funga kitambaa kwenye spoku ili kuhesabu, na utie kokoto mfukoni kila ifikapo mia. Fuata njia fupi kabisa ambayo mtembeaji angeweza kuipita, la sivyo mfadhili atalipia mita ambazo hazikutembewa.

Wakati wa kuandikisha, andika jina, umri, namba ya simu ya ndugu, ugonjwa na dawa zitumiwazo. Maelezo ya ugonjwa yakae kwa muuguzi peke yake, wala yasibandikwe ukutani pamoja na orodha ya washiriki. Mshiriki apewe namba ya kifuani na kadi ya ahadi, ambayo hupigwa muhuri kila amalizapo mzunguko.

Kadi hiyo iwe na safu ya kiwango cha juu kabisa. Chukua mshiriki mwenye wafadhili sita wa shilingi 500 kwa kilomita, wawili wa shilingi 2,000, na mmoja wa shilingi 5,000 aliyesema hatavuka 20,000. Akimaliza mizunguko mitatu, yaani kilomita 7.5, sita wa kwanza watatoa 22,500, wawili 30,000, na wa mwisho 20,000 badala ya 37,500. Jumla ni 72,500. Pasipo kikomo hicho, mfadhili angeshtuka siku ya kudaiwa, na ahadi ya mtu aliyeshtuka ni vigumu kuikusanya. Fedha zikusanywe ndani ya wiki mbili, kwa stakabadhi, na bajeti ya mgonjwa isipangwe juu ya ahadi zisizolipwa.

Meza za maji ziwe mbili: moja mwanzoni, nyingine katikati ya mzunguko. Kwa watu 150, kikombe cha mililita 200 kwa kila mmoja katika mizunguko minne ni lita 120 kwa meza, sawa na ndoo sita za lita 20. Maji yawe yamechemshwa au kutiwa klorini, ndoo ziwe na mifuniko na koki, na kila mtu abebe kikombe chake. Lakini asilazimishwe kunywa. Anywe akiwa na kiu. Watafiti waliopima damu ya wakimbiaji 488 wa Maratoni ya Boston mwaka 2002 waliona kuwa asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, hasa waliokunywa kupita kiasi. Mtu anayetapika, anayeumwa kichwa na kuchanganyikiwa baada ya kunywa maji mengi asiongezewe maji, bali apelekwe hospitali. Mgonjwa wa kisukari anayetetemeka, kutoka jasho na kuongea ovyo ni jambo jingine: ikiwa anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, apumzike, na sukari yake ipimwe baada ya dakika kumi na tano.

Barabara ikiwa ya vumbi, chagua msimu wa kiangazi na uanze saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Mtendaji wa kijiji na polisi waarifiwe kwa barua, na madereva wa bodaboda waombwe kupita njia nyingine kwa saa hizo. Washiriki watembee upande wa kulia, wakitazamana na magari yajayo. Katika kila njia panda asimame mtu mzima mwenye kizibao kinachong'aa, wala asiondoke hadi mtembeaji wa mwisho, anayefuatwa na mhudumu wa afya, awe amepita.