Jinsi ya kuweka alama za mada kwenye mahojiano marefu

Mahojiano ya saa nzima na zaidi yana shida moja: anayetaka dakika tano tu za kumsaidia hajui ziko wapi. Anavuta mbele, anarudi nyuma, bando linaisha, anaachana nayo. Dawa yake ni muhtasari wenye alama za mada, yaani orodha fupi ya dakika na jambo linalozungumzwa hapo.

Tuchukue mfano. Umemhoji mkulima wa korosho wa Kisarawe kwa saa 1 na dakika 18, na maandishi yote ya mazungumzo unayo. Msikilizaji wako yuko kwenye daladala kati ya Mlandizi na Kibaha Maili Moja. Ana mikorosho michache, na anachotaka kujua ni salfa ya kuzuia ubwiriunga tu.

Hesabu mada, usihesabu maswali

Pitia maandishi huku ukisikiliza sauti. Andika dakika pale mazungumzo yanapohamia jambo jingine. Unaweza kuwa uliuliza maswali 25, lakini mada zikawa 7 tu. Maswali manne kuhusu miche ni mada moja.

```
00:00 Mgeni na shamba lake Kisarawe
08:30 Miche, nafasi na kupogoa
21:15 Ubwiriunga: anavyoutambua kwenye maua
32:10 Salfa: lini anaanza na kwa nini
44:05 Kuokota, kukausha na kupanga madaraja
58:20 Anarudi kwa salfa: saa ya kupuliza
1:02:40 Stakabadhi ghalani na malipo ya mnada
```

Alama ikae kwenye swali

Wengi hutafuta neno kwenye maandishi na kuweka alama pale lilipo. Hapa ndipo wanapokosea. Kwenye mfano wetu, neno "salfa" linatajwa mara ya kwanza dakika ya 33:40. Lakini swali liliulizwa 32:10, na kabla ya kulitaja neno lenyewe mkulima alishaeleza kwamba anaanza maua yanapochanua, sio baada ya kukauka. Ukiweka alama 33:40, msikilizaji anaanzia katikati ya maelezo.

Mgeni akirudia mada, weka alama ya pili

Watu hawaongei kwa mpangilio wa kitabu. Dakika ya 58, akiwa tayari anaongelea mavuno, mkulima anakumbuka: salfa ya unga ipulizwe asubuhi na mapema, umande ukiwa bado upo na upepo umetulia. Ukiiacha sehemu hii, yule wa Mlandizi atasikia nusu ya maelekezo. Atapuliza saa sita mchana, unga utapeperuka na hela yake imekwenda. Usiunganishe sehemu hizo mbili kwenye alama moja. Kila moja ipate dakika yake, na jina lioneshe kwamba ni mwendelezo.

Jina liseme kilichosemwa

"Changamoto" au "Mambo ya shamba" hayamsaidii mtu kuchagua. Pia usigeuze maoni ya mgeni kuwa habari. Kama analalamika kwamba malipo ya mnada huchelewa, andika "Anavyoona malipo ya mnada", usiandike "Mnada unachelewesha malipo". Wengine watasoma orodha tu bila kusikiliza.

Hakiki kwenye faili la mwisho

Dakika za kwenye maandishi zinatokana na sauti ghafi. Ukiongeza muziki na utangulizi wa sekunde 40 mwanzoni, swali la salfa linahama kutoka 32:10 hadi 32:50. Kabla ya kutoa kipindi, jaribu alama tatu: moja ya mwanzoni, moja ya katikati, na moja ya mwishoni. Zikikosea kwa kiasi kilekile, umeongeza au kukata kitu mwanzoni, basi zisogeze zote kwa kiasi hicho, isipokuwa 00:00. Zikiwa sawa mwanzoni kisha zikakosea kuanzia sehemu fulani, kuna kipande kilikatwa katikati. Hapo rekebisha zile zinazofuata tu.

Ukiweka orodha kwenye maelezo ya video YouTube, ya kwanza lazima iwe 00:00, alama ziwe angalau tatu, zifuatane kwa mpangilio wa muda, na kila sehemu isipungue sekunde 10. Sharti moja likikosekana, video haitagawanyika kwa sehemu.

Kama unatuma sauti yenyewe kwa WhatsApp, orodha haibonyezeki. Itume kama ujumbe chini ya sauti, na msikilizaji atavuta mwenyewe hadi dakika husika. Kwa mtu wetu wa Mlandizi, ni sehemu mbili tu, jumla kama dakika 16 badala ya 78.