Pembe ya Miguuni

"Fundi, hebu njoo uiangalie hii. Inaandika thelathini na sita, lakini mtoto miguu ya baridi kama ametoka barafuni. Na si leo tu, ni kila nikiingia zamu ya usiku."

Sista aliyeniita alikuwa na miaka mingi katika wodi ya watoto njiti kuliko mimi kwenye kazi ya ufundi wa vifaa tiba, kwa hiyo sikubishana naye. Alikuwa amempima mtoto kwapani akapata nyuzi 36.1. Shirika la Afya Duniani linahesabu joto la kawaida la mtoto mchanga kuwa kati ya 36.5 na 37.5, kwa hiyo yule alikwisha anza kupoa. Kioo cha inkubeta kilikuwa kinaonyesha 36.0 bila kutikisika. Mtoto akahamishiwa mashine nyingine, nami nikabaki na ile tupu.

Kioo hakikuwa kinadanganya. Chini ya godoro la inkubeta kuna hita na feni. Feni inasukuma hewa kupita kwenye hita, hewa inapanda kupitia nyufa zilizo kando ya godoro, inazunguka ndani ya kifuniko cha plastiki, kisha inashuka upande wa pili na kurudi kwenye feni. Katika njia hiyo kuna kihisi joto kimoja, na namba unayoiona kwenye kioo ni joto la mahali kilipo kihisi hicho. Miguu ya mtoto iko kwingine. Ukitaka kujua joto la kwingine huna budi kupeleka vihisi huko, na visiwe kimoja.

Kiwango cha kimataifa cha inkubeta za watoto, IEC 60601-2-19, kinataka vihisi vitano. Gawa godoro mara nne kwa msalaba; kihisi kimoja kinakaa katikati ya godoro lote, na vinne vilivyobaki kila kimoja katikati ya robo yake. Vyote viwe sentimita 10 juu ya godoro. Inkubeta ikiwa imetulia na godoro limelala sawa, wastani wa joto katika robo yoyote usipishane na wa katikati kwa zaidi ya nyuzi 0.8. Kazi hii inafanywa mashine ikiwa imewekwa kwenye 32, kisha kwenye 36.

Watu huniuliza kwa nini nisichukue vipimajoto vitano vya wodini nikavipanga humo. Sababu ni kwamba kipimajoto cha homa kimetengenezwa kishike kilele. Kile cha zebaki kina mbano mwembamba juu ya tungi yake unaozuia zebaki kurudi chini, ndiyo maana hukung'utwa kabla ya kutumika. Kile cha betri nacho hubakiza namba ya juu kabisa kilichoifikia. Kwa mgonjwa hiyo ni faida, kwa sababu unakitoa kwapani ukakisoma kwa utulivu. Kwenye pembe ya inkubeta kitakwambia joto la juu kabisa lililowahi kupita pale, nami nilikuwa natafuta baridi. Isitoshe, vingi vya kioo vinaanzia 35. Mtoto akiwa na 34, zebaki inakaa tu chini ya mstari wa kwanza, na mwenye haraka atasoma 35.

Kwa hiyo nilitumia vihisi vyembamba vya waya vilivyounganishwa na kinasa joto kinachoandika chenyewe kila dakika. Hita ya inkubeta inapanda na kushuka, na hewa nayo hupanda na kushuka kwa mawimbi madogo. Ukisoma mara moja ukaondoka, huenda umekuta bonde la wimbi au kilele chake. Masomo 60 ya saa nzima, baada ya mashine kutulia, yanatoa wastani unaoweza kuuamini.

Lakini kabla ya kuuliza kama pembe ina baridi, lazima uulize kama vihisi vyenyewe vinakubaliana. Nilivibandika plasta yenye namba, 1 hadi 5. Nikajaza chupa ya chai barafu iliyopondwa, ya maji safi, nikaongeza maji baridi kidogo tu ya kuziba nafasi zilizo kati ya vipande. Barafu ikianza kuelea juu ya maji mengi, chini kunakuwa na joto kidogo na umeharibu kipimo. Vihisi vikazama katikati bila kugusa ukuta wa chupa, nikakoroga, nikasubiri. Vyote vilipaswa kusoma 0.0. Vinne vilikaribia hapo. Namba 4 kilisimama kwenye 0.2.

Barafu ni kipimo kizuri kwa sababu haihitaji cheti cha mtu, ila sifuri iko mbali na 36. Kihisi kinaweza kuwa sahihi chini kikakosea juu. Ndipo nikajaza chupa nyingine maji ya vuguvugu, nikavifunga vihisi vyote kwa mpira pamoja na kipimajoto kimoja chenye cheti cha maabara ya vipimo, nikakoroga tena. Rejea ilisoma 36.0; namba 4 kikasoma 36.3. Nikaandika daftarini: namba 4, toa 0.3.

Nilipokuwa na chupa mkononi nikaomba na vipimajoto vya wodi, vitatu vya betri. Kwenye barafu visingefaa, vingeonyesha Lo tu. Katika maji ya vuguvugu viwili vilikubaliana na rejea. Cha tatu kilizidi kwa nyuzi 0.4. Sista alikichukua akakitazama bila kusema kitu. Mtoto mwenye 36.1 angepimwa na hicho, angeandikwa 36.5, na hakuna ambaye angeniita.

Kwa kusimamisha vihisi nilitumia vijiti vya mishikaki vilivyochomekwa kwenye vipande vya sponji na kukatwa kwa rula. Ncha ya kihisi ining'inie hewani. Ikigusa kijiti inapima kijiti. Nyaya nilizipitisha kwenye tundu la kichwani na kuliziba, kwa maana ukiacha dirisha la mkono wazi ili nyaya zipite, shimo unalolipima umelitoboa mwenyewe. Namba 1 kilikaa katikati. Namba 4 kiliangukia robo ya miguuni, upande wa kulia.

Nilianza saa nane mchana. Kiyoyozi cha wodi kilikuwa kimezimwa na chumba kilikuwa na nyuzi 30. Baada ya saa moja ya kunasa, katikati palikuwa na wastani wa 36.0. Robo tatu zilikuwa kati ya 35.8 na 36.1. Namba 4 kilionyesha 35.7, ukitoa 0.3 unapata 35.4. Tofauti na katikati ni 0.6, chini ya 0.8. Mashine imefaulu. Fundi aliyechoka angebandika karatasi ya kijani akaenda kula, na nakiri nilikuwa nimeshaitafuta hiyo karatasi.

Kilichonirudisha ni neno la Sista: zamu ya usiku. Usiku kiyoyozi huwashwa. Inkubeta inayovujisha haipoi kwa kiasi kimoja siku zote. Inapoa kulingana na pengo kati ya ndani na nje. Mchana pengo lilikuwa 36 toa 30, nyuzi 6. Chumba kikishuka hadi 24, pengo linakuwa 12, na pembe inayopoteza 0.6 mchana inatazamiwa kupoteza karibu mara mbili yake. Pwani tuna tabu hii: joto la Machi linaficha kasoro. Ukipima kwenye 32 huku chumba kina 31, hita haina kazi ya kufanya, na kila pembe inafanana na mwenzake.

Saa tatu usiku chumba kilikuwa na 24. Katikati palibaki 36.0, kwa kuwa hita iliongeza bidii, na kioo kikaendelea kuandika ilichokuwa kikiandika. Namba 4 kilionyesha 35.0, yaani 34.7 halisi. Tofauti ni 1.3.

Hapo kuna watuhumiwa watatu: kihisi, chumba na mashine. Nilibadilishana namba 4 na namba 2. Namba 2, ambacho hakikuwa na kosa, kikasoma 34.7 katika pembe ileile, basi kihisi kikatoka. Kisha nikaizungusha inkubeta nzima nusu mzunguko. Kama baridi ilitokana na upepo wa kiyoyozi, ingebaki upande wa kiyoyozi na kuhamia pembe nyingine ya godoro. Haikuhama. Iliambatana na mashine, miguuni kulia.

Nikachana ukanda mwembamba wa tishu nikaupitisha polepole kwa nje, kuzunguka kifuniko. Kwenye milango ulitulia. Kwenye tundu la mipira ya dripu, miguuni kulia, ulivutwa ndani. Raba inayoziba tundu hilo haikuwepo. Mtu alijaza gozi mahali pake, na gozi hupitisha hewa. Pembe ile iko karibu na njia ya hewa inayorudi kwenye feni, ambako feni inafyonza, kwa hiyo tundu lilikuwa linanywa hewa ya chumba usiku kucha na kuimwaga juu ya miguu ya mtoto. Raba hiyo ni ndogo kama kizibo cha chupa. Niliitoa kwenye inkubeta iliyokufa stoo, nikaiosha, nikaipachika, nikarudia saa nyingine ya kunasa chumba kikiwa bado na 24. Robo ile ikapanda hadi 35.7. Tofauti 0.3.

Nilichora godoro kwenye karatasi, nikaandika namba tano mahali pake pamoja na joto la chumba, tarehe na masahihisho ya vihisi, nikaibandika ubavuni mwa mashine. Joto la chumba nililipigia mstari. Ramani isiyolitaja haina maana kwa atakayepima baada yangu.

Sista akaniuliza kama sasa ninaweza kuipima na ile ya dirishani, ambayo nayo anaishuku. Niliipima usiku uleule. Ilitoka safi kabisa, hakuna pembe iliyopishana na katikati kwa zaidi ya 0.2. Bado akasema watoto wake wanapoa humo, na safari hii ramani haikuweza kumsaidia, kwa sababu vihisi vyangu vinapima hewa tu. Ngozi ya mtoto inarusha joto moja kwa moja kuelekea ukuta wa plastiki ulio baridi hata hewa iliyo kati yao ikiwa ya vuguvugu, na ile ya dirishani ni ya zamani, yenye ukuta mmoja, imekaa chini kabisa ya mdomo wa kiyoyozi. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko chake, kisha juu ya kile cha mashine yenye kuta mbili iliyo kando. Hakukuhitaji kipimajoto. Tukafungua breki za magurudumu, yeye akashika kichwani mimi miguuni, tukaisogeza hadi ukuta wa pili.