Kugawanya: Tano Inayoshuka Ni Tano ya Nini?

Mpeni mtoto wa mwaka wa tano hesabu hii: 2456 gawanya kwa 8. Ataandika namba zake, atapiga mstari wa kushuka, naye ataweka 8 upande wa kuume, kama ilivyo desturi ya shule za Kalemie na za Kongo nzima. Kisha ataanza wimbo wake: «Katika 24 mna 8 mara ngapi? Mara 3. Tatu mara nane ni 24, hakibaki kitu. Nashusha 5. Haitoshi. Nashusha 6. Katika 56 mna 8 mara 7.» Chini ya 8 ameandika 37. Wimbo ameuimba vizuri, mkono wake haukusita, tena kila neno alilolisema ni kweli. Lakini jibu si 37. Ni 307.

Mwalimu atapiga alama nyekundu, na mtoto atanakili 307 kutoka ubaoni. Kesho atapewa hesabu nyingine, naye atakosa vile vile. Hatumlaumu mwalimu. Tangu mwaka 2019, shule ya msingi ya serikali ilipofanywa kuwa ya bure, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na mtu mmoja hawezi kuketi karibu na kila daftari. Ndiyo maana twaandika hayo kwa ajili ya jamaa nyumbani, hasa kwa baba na mama wenye mtoto anayenakili hatua bila kujua anafanya nini.

Basi, tuache kwanza daftari, twende kwenye matofali. Wakazi wa Kalemie wakumbuka jinsi maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za kandokando. Tuseme jamaa nane zataka kujenga tena mahali palipoinuka, nazo zimechoma matofali pamoja. Matofali yamepangwa vizuri: yako marundo makubwa mawili, kila moja lina matofali elfu, marundo madogo manne ya matofali mia mia, safu tano za matofali kumi kumi, na matofali sita yaliyolala peke yake. Hiyo ndiyo 2456. Tarakimu ya 2 haina maana ya vitu viwili tu, ni maelfu mawili; 4 ni mamia manne; 5 ni makumi matano; 6 ni mamoja sita. Na hapa msemo wa nyumbani kwetu watusaidia kuliko ule wa pwani. Mtu wa pwani asema «hamsini», neno lisiloonyesha tano wala kumi. Mtu wa Kongo asema «makumi tano», na papo hapo mtoto asikia safu tano za kumi.

Sasa tugawe. Marundo makubwa ni mawili, na jamaa ni nane. Hakuna jamaa itakayopata rundo zima la elfu. Tufanye nini? Tunayavunja, kama vile mtu sokoni avunjavyo noti ya faranga elfu kumi apate kumi za elfu moja moja. Mali haikuongezeka wala haikupungua. Kila rundo kubwa lawa madogo kumi. Mawili yawa ishirini, na yale manne yaliyokuwako yafanya ishirini na manne. Hiyo ndiyo «24» ya wimbo wa mtoto! Si matofali 24, ni mamia 24. Kwa jamaa nane, kila moja yapata mamia matatu, na mamia yamekwisha. Basi 3 tuliyoiandika ni 3 ya mamia, na mahali pake ni katika nafasi ya mamia.

Zafuata safu za kumi, nazo ni tano. Jamaa ni nane. Safu tano haziwezi kutolewa nzima nzima kwa jamaa nane, kwa hiyo kila jamaa yapata safu ngapi? Haipati hata moja. Hilo nalo ni jibu, na jibu huandikwa: 0 katika nafasi ya makumi. Hapa ndipo mtoto wetu alipoanguka. Yeye alisema «haitoshi», akapita bila kuandika kitu, kana kwamba nafasi ya makumi haikuwako. Neno «sifuri» latoka katika Kiarabu, na maana yake ni tupu. Lakini nyumba tupu bado ni nyumba, na anayehesabu nyumba za barabara hairuki kwa sababu haina mtu. Ukiiondoa sifuri hiyo, 3 yateleza kutoka nafasi ya mamia hadi nafasi ya makumi, na jamaa iliyostahili matofali mia tatu na saba yaambiwa ichukue thelathini na saba.

Mtoto mwerevu atauliza: Mbona hatukuandika sifuri kwa yale maelfu mawili, nayo hayakutosha? Swali ni zuri, lisikemewe. Kweli kila jamaa ilipata maelfu sifuri, tungeweza kuandika 0307. Lakini sifuri iliyo mbele kabisa, upande wa kushoto, haina tarakimu nyingine ya kuishikia mahali pake. Ile ya katikati yaishikia 3 nafasi yake. Tofauti ni hiyo tu.

Tumalize. Safu tano twazivunja, zawa matofali hamsini. Pamoja na yale sita ni 56. Kila jamaa yapata saba. Mamia matatu, makumi sifuri, mamoja saba: 307.

Bado neno moja lahitaji kutazamwa, nalo ni «nashusha». Katika hesabu iliyopita halikuonekana vema, kwa sababu mamia yaliisha yote. Basi chukueni matofali yale yale 2456, lakini jamaa sasa ni 36. Watoto wengi huogopa namba za tarakimu mbili upande wa kuume, lakini kazi haibadiliki. Maelfu mawili hayatoshi jamaa 36. Yavunjwe: ni mamia 24, nayo hayatoshi. Yavunjwe tena: ni safu 240, na zile tano ni safu 245. Hapo zatosha. Tukimpa kila mmoja safu 6, tumetoa 216, kwa maana 36 mara 6 ni 216. Tukijaribu 7 twahitaji safu 252, nazo hatunazo. Kwa hiyo ni 6, tena ni 6 ya makumi. Tukitoa 216 katika 245 zabaki safu 29.

Sasa mtoto asema «nashusha 6», na 29 yageuka kuwa 296. Imekuwaje? Je, tarakimu iliyoandikwa kando imeongeza mali? Hapana. Safu 29 hazitoshi jamaa 36, kwa hiyo twazivunja zote, zawa matofali 290. Kule upande yamelala matofali 6 yaliyokuwa yangojea zamu yao. 290 na 6 ni 296. Kushusha ni kuvunja safu zilizobaki na kuzichanganya na matofali yaliyokuwa yakingoja. Kalamu yafanya kazi hizo mbili kwa tendo moja, ndiyo sababu macho hayazioni. Katika 296 kila jamaa yapata 8, nayo ni 288, na matofali 8 yabaki. Jibu ni 68, baki 8. Hayo manane hayagawanyiki kwa jamaa 36 pasipo kupasua tofali.

Kwa kawaida mtoto hukosa katika kukisia. Tuseme alikisia 5 badala ya 6. Atatoa safu 180, na zitabaki 65. Je, atajuaje kama amekosa? Atazame baki: 65 yapita 36, maana yake safu zilizobaki zatosha kumpa kila mmoja safu moja tena. Anayenakili hatua hulikosa jambo hili. Aandika 1 mbele ya 5 na kuendelea, jibu lamtoka kubwa mno. Anayeelewa hana haja hata ya kufuta. Ile 1 ni ya makumi, na 5 ni ya makumi, basi kila jamaa imepata makumi sita, naye aendelea na 29 kama kawaida.

Kuna na njia ya kujua mapema, kabla ya kuanza kugawanya, jibu litakuwa na tarakimu ngapi. Kwa jamaa nane: kama kila moja ingepata mia, tungehitaji matofali 800, nayo tunayo, kama kila moja ingepata elfu, tungehitaji 8000, nayo hatuna. Jibu li kati ya mia na elfu, lina tarakimu tatu. Mtoto aweke nukta tatu chini ya 8, moja kwa kila nafasi, kisha azijaze. Akifika mwisho na nukta moja bado wazi, ajua papo hapo kwamba ameruka nafasi. Kwa jamaa 36: kumi kumi ni 360, mia mia ni 3600, basi nukta mbili. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, nasi twaiona kuwa bora kuliko kukariri wimbo mara mia.

Mzazi ambaye hakupata kusoma sana aweza naye kumsaidia mwanawe. Amwache aandike, na kila anaposhusha au kuandika tarakimu amwulize swali moja tu: Hii ni ya nini? «24.» Ya nini? «Ya mamia.» «Nashusha 5.» Tano ya nini? Mtoto akinyamaza, hapo ndipo mahali anaponakili, na hapo ndipo pa kurudia matofali, au vijiti vilivyofungwa kumi kumi.

Jamaa waliowahi kukaa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, wataona kwamba shule za Tanzania huandika namba ya kugawanyia upande wa kushoto na jibu juu ya mstari. Mtoto aliyeanza huko na kuhamia kwetu huchanganyikiwa, naye hudhani kuwa hiyo ni hesabu nyingine. Aambiwe kwamba waandishi tu ndio wamebadili mahali pa kuandika. Mamia bado hugawiwa kwanza, kisha makumi, kisha mamoja. Na sababu ya kuanzia kushoto ni moja pande zote mbili: rundo kubwa lililobaki laweza kuvunjwa kuwa madogo. Mtu akianza na mamoja, kila mara atakapovunja safu itambidi arudi nyuma kugawa mamoja mara ya pili.

Mwisho, hesabu ihakikishwe. Zidisha 36 kwa 68. Makumi sita ya jibu yatupa 2160, na mamoja manane yatupa 288. Jumla ni 2448. Ongeza baki 8, twapata 2456. Mwonyesheni mtoto namba hizo mbili, 2160 na 288, kisha mwambieni azitafute katika hesabu yake ya kugawanya. 288 ataiona mara moja. 2160 ataitafuta, nayo haiko; iko 216. Mwacheni afikiri kidogo ile sifuri imekwenda wapi.