Hati ya Malipo ya Awamu: Namna ya Kusoma Barua Inayoambatana Nayo

Mtu anayejenga nyumba kwa mkataba hailipi yote kwa mara moja. Kila baada ya kipindi kilichotajwa katika mkataba, aghalabu mwezi mmoja, mkandarasi huwasilisha madai yake. Mkadiriaji majenzi hufika eneo la ujenzi, hupima na kuthaminisha. Kisha msimamizi aliyetajwa katika mkataba hutoa hati ya malipo ya awamu. Hati hiyo hufuatana na barua ya maelezo yenye ukurasa mmoja au miwili. Wengi hutazama tarakimu ya mwisho katika hati na kuiweka barua kando. Hilo ni kosa, kwa kuwa barua ndiyo inayoeleza fedha zako zinalipia nini.

Tuchukue mfano wa nyumba ya familia inayojengwa kwa mkataba wa shilingi 84,000,000, bei zote zikiwa zimejumuisha kodi. Madai ya tatu ya mkandarasi ni shilingi 12,132,000. Hati Na. 3 inaonesha shilingi 8,100,000. Mkandarasi analalamika kwamba amepunjwa, na mwenye nyumba hajui amwamini nani. Tofauti ya shilingi 4,032,000 imeelezwa yote katika barua, iwapo itasomwa sehemu kwa sehemu.

Kazi iliyopimwa

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hati haihesabu kazi ya mwezi huu peke yake. Huhesabu kazi yote iliyofanyika tangu mwanzo wa mradi, na mwishoni huondoa yale yaliyokwisha kulipwa. Utaratibu huu una faida kubwa: kosa lililopita katika hati ya kwanza linaweza kusahihishwa katika ya pili au ya tatu, kwa kuwa kila mara hesabu huanza upya.

Katika mfano wetu, maandalizi ya eneo yamethaminishwa kwa shilingi 1,800,000, na msingi pamoja na jamvi kwa shilingi 17,900,000. Kazi hizi mbili zimekamilika na hazina ubishi. Ubishi uko kwenye kuta. Bei ya mkataba ni shilingi 35,000 kwa kila mita ya mraba ya ukuta, na mkandarasi amedai mita za mraba 200. Mkadiriaji amekubali 180.

Barua inaeleza sababu mbili. Kwanza, mkandarasi alizidisha urefu kwa kimo cha ukuta bila kuondoa nafasi za madirisha manne ya mita 1.5 kwa 1.5 na milango miwili ya mita 1 kwa 2.5. Nafasi hizo ni mita za mraba 14, nazo hazina tofali hata moja. Pili, kipande cha mita za mraba 6 katika chumba cha nyuma kimepinda. Kilipopimwa kwa timazi hakikusimama wima. Kazi isiyokidhi mkataba haithaminishwi mpaka irekebishwe. Hivyo mita 180 kwa shilingi 35,000 ni shilingi 6,300,000, na jumla ya kazi iliyopimwa ni shilingi 26,000,000. Kipande kilichopinda kikijengwa upya vema, kitaingia katika hati ijayo; mkandarasi hajanyang'anywa haki yake.

Barua isiyotaja vipimo, bali inasema tu kwamba kuta zimefikia asilimia fulani, haikupi njia ya kuhakiki. Una haki ya kuomba karatasi ya vipimo, ukaenda nayo eneo la ujenzi na futi kamba yako.

Vifaa vilivyopo eneo la ujenzi

Mikataba mingi humruhusu mkandarasi kulipwa thamani ya vifaa alivyokwisha kuvileta lakini bado havijatumika. Madhumuni ni kumpunguzia mzigo wa kufunga mtaji wake katika saruji na nondo. Hata hivyo, malipo hayo yana masharti: vifaa viwe vimefika eneo la ujenzi, visiwe vimeletwa mapema mno kuliko vinavyohitajika, viwe vimehifadhiwa vizuri, na mkandarasi awe na uthibitisho kwamba ni mali yake. Sharti hili la mwisho lisidharauliwe. Vifaa vilivyochukuliwa kwa mkopo dukani vinaweza kudaiwa na mwenye duka hata baada ya wewe kuvilipia. Kwa hiyo risiti ziambatishwe.

Katika Hati Na. 3, nondo 60 za milimita 12 zimekubaliwa kwa bei ya risiti, shilingi 25,000 kila moja, yaani shilingi 1,500,000. Mkandarasi alidai pia mifuko 80 ya saruji kwa shilingi 16,000. Mkadiriaji alikuta mifuko 30 imelazwa juu ya udongo mtupu, imevuta unyevu na kuganda. Amekubali mifuko 50 tu, yaani shilingi 800,000. Mabati ya shilingi 3,000,000 hayakukubaliwa kabisa, kwa sababu yako katika ghala la mkandarasi mwenyewe na kuta bado hazijafikia lenta. Jumla ya vifaa ni shilingi 2,300,000.

Hapa ndipo panapohitaji jicho kali zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya hati. Kazi iliyopimwa hupanda kila mwezi, lakini vifaa havilimbikizwi. Huhesabiwa upya kila mara kulingana na vilivyopo siku ya ukaguzi. Nondo ikishafungwa na kumwagiwa zege, thamani yake huhamia katika kazi iliyopimwa, kwa kuwa bei ya lenta katika mkataba tayari imejumuisha nondo zake. Lazima basi iondoke katika mstari wa vifaa.

Tuseme kufikia Hati Na. 4 nondo zote 60 zimetumika katika lenta, nguzo na boriti za baraza, na imebaki mifuko 20 ya saruji. Mstari wa vifaa unapaswa kushuka kutoka shilingi 2,300,000 hadi 320,000. Ukiachwa kama ulivyokuwa, utakuwa umelipia vifaa vilevile mara mbili, kwa ziada ya shilingi 1,980,000 kabla ya zuio. Dalili ni rahisi kuiona: tarakimu ya vifaa imebaki ileile katika hati mbili mfululizo, ilhali kazi imesonga mbele. Ukiiona, omba orodha ya vifaa yenye tarehe ya ukaguzi.

Fedha za zuio

Kazi na vifaa kwa pamoja ni shilingi 28,300,000. Kutoka katika kiasi hicho, mkataba wa mfano wetu unaagiza asilimia 10 izuiliwe, yaani shilingi 2,830,000. Zinabaki shilingi 25,470,000.

Fedha za zuio si faini, wala si punguzo la bei. Ni mali ya mkandarasi inayobaki mikononi mwako kama dhamana kwamba atarudi kurekebisha kasoro. Mikataba mingi huweka pia kikomo. Katika mfano huu kikomo ni asilimia 5 ya bei ya mkataba, yaani shilingi 4,200,000. Thamani ya kazi na vifaa ikifika shilingi 42,000,000, ambayo ni nusu ya mkataba, zuio litakuwa limefika kikomo na halitaongezeka tena. Usishangae basi kuona mstari huo umesimama katika hati za baadaye.

Nusu ya zuio, shilingi 2,100,000, hurejeshwa nyumba inapokabidhiwa. Nusu ya pili hurejeshwa kipindi cha matazamio kinapokwisha na kasoro zilizoorodheshwa zimerekebishwa. Mwenye nyumba anayeachia zuio lote siku ya makabidhiano, kwa kuwa mkandarasi ameomba kwa upole, hubaki bila dhamana hiyo mvua za kwanza zinapoonesha paa linalovuja. Kadhalika, si haki kulishikilia baada ya kipindi kwisha na kasoro kurekebishwa.

Makato mengine

Hati Na. 1 na Na. 2 zilikwisha kulipwa jumla ya shilingi 17,100,000. Kiasi hicho kikiondolewa katika shilingi 25,470,000, zinabaki shilingi 8,370,000. Linganisha tarakimu ya malipo yaliyotangulia na stakabadhi zako za benki, si na kumbukumbu yako. Malipo ya fedha taslimu aliyopewa fundi au msimamizi wa mkandarasi bila stakabadhi ndiyo yanayopotea hapa.

Katika mfano wetu, mwenye nyumba alilipa pia shilingi 270,000 za maji ya ujenzi, ambayo kwa mkataba yalikuwa jukumu la mkandarasi. Zimekatwa, na ndipo hati ikafikia shilingi 8,100,000. Makato ya namna hii lazima yapitie kwa mtoa hati yakiwa na ushahidi. Si ruhusa kwako kujikatia mwenyewe wakati wa kulipa, hata kama unaamini una haki.

Endapo ulitoa malipo ya awali kabla kazi haijaanza, tafuta mstari unaoonesha yanavyorejeshwa kidogo kidogo katika kila hati. Mstari huo usipokuwepo, uliza mara moja. Kadiri mradi unavyokaribia mwisho ndivyo kazi iliyobaki ya kukatwa inavyopungua.

Kabla ya kulipa

Soma barua siku unayoipokea, kwa kuwa muda wa kulipa uliowekwa katika mkataba huanza kuhesabiwa, na kuchelewa kunaweza kukuletea riba au kumpa mkandarasi haki ya kusimamisha kazi. Ukiwa na shaka, andika kwa aliyetoa hati ukitaja mstari unaohusika na sababu yako. Nakala umpe mkandarasi. Hakikisha pia kwamba mkadiriaji amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na mkandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Kulipa hati ya awamu hakumaanishi kwamba umeikubali kazi moja kwa moja. Kasoro itakayogunduliwa mwezi ujao katika ukuta uliolipiwa leo inaweza kuondolewa katika thamani ya hati inayofuata. Kwa sababu hiyo, tunza kila hati pamoja na barua yake, orodha ya vifaa na karatasi ya vipimo katika jalada moja. Hati Na. 4 haiwezi kusomwa sawasawa bila Hati Na. 3 kuwa mezani.