Tangazo moja la mchele, lugha mbili: namba zisigombane

Vijana wengi wa Mbarali mnaokoboa mchele wenu wenyewe sasa mnauza nje bila dalali. Mnunuzi wa Nairobi anasoma Kiswahili vizuri tu, lakini wa Kigali au Kampala mara nyingi ataomba tangazo la Kiingereza. Kwa hiyo unaandika mawili. Shida ni kwamba mzigo ni mmoja, na kila tofauti kati ya matangazo hayo ni ahadi mbili ulizotoa kwa mzigo huohuo. Lori likishafika ghalani, mnunuzi atashika ile inayomfaa yeye.

Leo tuchukue mfano wa tani 10 za mchele zilizoko ghalani Ubaruku, tuone sehemu nne ambazo tangazo huteleza likihama lugha.

1. Jina la bidhaa

Sisi tuna mpunga, tuna mchele, tuna wali. Kiingereza kina neno moja, "rice", linalobeba yote matatu. Ukiandika "rice, 10 tons", mwingine ataelewa mchele, mwingine atauliza kama ni mpunga. Hiyo siyo tofauti ndogo. Mpunga wa kilo 100 ukikobolewa vizuri unatoa mchele wa kilo 65 hivi, kwa hiyo tani 10 za mpunga ni kama tani 6.5 za mchele. Kwa bei ya shilingi 2,400 kwa kilo, pengo la tani 3.5 ni shilingi 8,400,000. Andika "milled rice" kwa mchele na "paddy" kwa mpunga, hapo hakuna wa kubishana.

Mtego mwingine ni aina. Supa kwetu ni jina la mbegu. Ukilitafsiri likawa "super rice", mgeni ataona unasifia ubora, atadhani ni gredi ya juu. Jina la mbegu halitafsiriwi. Andika "variety: Supa". Kama ni SARO 5, iache SARO 5 kwenye lugha zote mbili.

2. Kiasi

Gunia si kipimo. La hapa na la kule hayalingani, na lumbesa ndiyo kabisa. Kwenye matangazo yote mawili andika kilo kwanza, kisha idadi ya mifuko na uzito wa kila mfuko: kilo 10,000, yaani mifuko 200 ya kilo 50. Mnunuzi akizidisha apate jibu lile lile.

Angalia pia maneno madogo. Kiswahili kikisema "chenga kama asilimia 10" na Kiingereza kikasema "maximum 10%", umempa mmoja makadirio na mwingine mpaka. Mzigo ukipimwa ukakuta chenga asilimia 12, wa Nairobi atapokea, wa Kigali ana haki ya kukataa. Chagua moja. Mimi nashauri "isiyozidi", ila uweke namba ambayo umeipima kwenye sampuli uliyochota mifuko mbalimbali, siyo ule mfuko wa juu tu.

3. Bei

"Shilingi 2,400" kwa msomaji wa Mbarali iko wazi. Kenya nako wana shilingi, na yao ina thamani kubwa kuliko yetu mara nyingi. Uganda wana shilingi, na yao ni ndogo kuliko yetu. Tumia alama ya fedha ya kimataifa, TZS, kwenye lugha zote mbili. Usijaribu kumsaidia mnunuzi kwa kumwekea bei ya pili kwa fedha yake. Viwango vinabadilika kila siku, na baada ya wiki moja bei zako mbili zitakuwa hazilingani tena.

Halafu sema bei ni ya wapi. Kiswahili cha sokoni kikisema "bei ya ghalani", kila mtu anajua usafiri ni wa mnunuzi. Kiingereza kikitaja bei tupu, mgeni anaweza kuamini mzigo utamfikia mpakani Rusumo au Mutukula. Taja mahali, kisha taja nani analipa usafiri, na nani analipia cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na TPHPA.

4. Saa na tarehe

Saa 2 asubuhi ni 8:00 a.m. Ukihamisha namba bila kufikiri ukaandika 2:00, dereva atafika saa 8 mchana na vibarua wa kupakia wameshaondoka. Tarehe nayo andika mwezi kwa jina. 07/08 inaweza kusomwa Agosti 7 au Julai 8, inategemea msomaji alizoea mpangilio gani.

Namna ya kuandika

Usiandike Kiswahili kwanza halafu ukakitafsiri. Anza na karatasi moja ya taarifa: kila kitu mstari wake, namba na kipimo tu, bila maneno ya kupamba. Kutoka kwenye karatasi hiyo andika matangazo yote mawili, mistari ikifuatana kwa mpangilio uleule. Mfano wetu unakuwa hivi:

```
Tangazo namba 3, toleo la 1
Mchele, aina: Supa
Kiasi: kilo 10,000 (mifuko 200 x kilo 50)
Chenga: isiyozidi asilimia 10
Bei: TZS 2,400 kwa kilo, ghalani Ubaruku
Usafiri na cheti cha afya ya mimea: mnunuzi
Kupakia: 18 Agosti 2026, kuanzia saa 2 asubuhi
```

```
Listing no. 3, version 1
Milled rice, variety: Supa
Quantity: 10,000 kg (200 bags x 50 kg)
Broken: maximum 10%
Price: TZS 2,400 per kg, at store, Ubaruku
Transport, phytosanitary certificate: buyer
Loading: 18 August 2026, from 8:00 a.m.
```

Mistari ni 7 kwa 7. Kama upande mmoja una mstari ambao mwingine hauna, umeshaona kosa kabla hujasoma hata namba.

Kisha fanya jaribio dogo. Mpe mwenzako anayejua Kiingereza lile la Kiingereza peke yake, usimwonyeshe la Kiswahili. Akueleze kwa mdomo: unauza nini, kilo ngapi, kwa bei gani, mzigo unachukuliwa wapi, lini, saa ngapi, nani analipa nini. Wewe shika karatasi ya taarifa na uweke alama. Akisita mahali, mnunuzi naye atasita hapohapo.

Matangazo mengi hulingana siku ya kwanza. Yanaachana siku ya tano, pale umeuza mifuko 60 kwa mtu wa Makambako, ukarekebisha la Kiswahili kwenye simu ukiwa mashineni, la Kiingereza likabaki na kilo 10,000. Wa Kigali akilipia zote, kilo 3,000 utazitoa wapi? Kwa hiyo kila badiliko lianzie kwenye karatasi: kilo 7,000, mifuko 140. Badilisha yote mawili kwa mkupuo mmoja, na toleo la 1 liwe la 2 pande zote. Mnunuzi akipiga simu, kabla ya kuongelea bei muulize, "Ndugu, unasoma toleo la ngapi?" Akisema la 1, mtumie jipya kwanza, ndipo mwendelee.

Yakigongana hata baada ya hapo, usisubiri mnunuzi agundue. Mwambie mapema, kabla hajalipa kianzio, taarifa ipi ndiyo sahihi, na umwandikie. Baada ya malipo, kurekebisha namba kunaonekana kama kumgeuka.