Umependekezwa uwe mweka hazina wa kikoba na muda huna? Kataa hivi

Wafanyabiashara wenzangu, msimu wa kuvunja kikoba ukifika, na uchaguzi nao umefika. Watu wanaangalia nani ana biashara inayotembea, nani analipa marejesho kwa wakati, halafu jina lako linatajwa. Ni heshima, sikatai. Ila uweka hazina ni kazi yenye saa zake, na hizo saa lazima zitoke mahali fulani.

Mimi nakaanga samaki Tandika. Saa kumi alfajiri natoka nyumbani kwenda Feri kuwahi mnada, saa tatu asubuhi nimerudi naparua na kutia chumvi, na kuanzia saa tisa mchana niko kwenye karai mpaka usiku. Kikundi chetu kina wanachama 29 na tunakutana kila Jumapili saa nane mchana. Nilipopendekezwa nilichukua daftari, nikaandika kazi yenyewe ilivyo.

Mwanachama wa kawaida anafika saa nane, ananunua hisa, anarejesha mkopo, na saa tisa na nusu ameondoka. Mweka hazina anafika saa saba na nusu na sanduku. Wenzake wakishaondoka anabaki na wahesabu fedha na katibu kulinganisha vitabu, na kwetu huwa wanamaliza kama saa kumi na moja na nusu. Hizo saa mbili za ziada ndizo ambazo watu wa mtaani wanakuja kununua kitoweo cha jioni. Kwangu ni faida ya kama shilingi 10,000. Zidisha kwa Jumapili 52, unapata 520,000 kwa mwaka. Na samaki aliyebaki kesho yake hauzi bei ile ile.

Bado siku za kati. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikoba visajiliwe, na usajili wenyewe unapitia halmashauri. Kikundi kikitaka na ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, viongozi ndio wa kufuatilia kwa afisa maendeleo ya jamii. Hiyo ni siku ya kazi, saa za kazi. Mimi siku moja ya kati kila mwezi nampeleka mama kliniki, siwezi kuigawa mara mbili.

Kuna na suala la sanduku lenyewe. Kwetu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, lakini sanduku linalala kwa mweka hazina. Kwangu kuanzia saa kumi alfajiri wamebaki watoto peke yao. Pesa ya watu 29 hailali nyumba ya namna hiyo. Na mweka hazina asipotokea Jumapili, hata washika funguo wote wawepo, hakuna kinachofunguliwa: hakuna hisa, hakuna mkopo, na aliyetegemea mkopo wa kuongeza mtaji Jumatatu amekwama.

Ukishapiga hesabu yako, kataa mapema. Usisubiri siku ya kura uanze kujitetea mbele ya watu, maana hapo watakupigia makofi na utajikuta umekubali. Mimi nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake siku nne kabla. Ni mama mtu mzima, kumtumia ujumbe wa simu tu kwa jambo kama hilo isingekuwa adabu. Nilimwambia hivi:

"Shikamoo mama. Nimesikia jina langu limetajwa kwenye uweka hazina, nashukuru kwa kuniamini. Sitaweza, mama. Saa za kufunga vitabu ndiyo saa zangu za kuuza, na alfajiri nyumba yangu inabaki na watoto, sanduku halitakuwa salama. Nimeona nikwambie mapema mtafute mwingine. Ninachoweza ni kuhakiki vitabu, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa saba na nusu hadi saa nane, kwa miezi mitatu ya mwanzo, mpaka mweka hazina mpya azoee."

Angalia maneno hayo. "Sitaweza" imesemwa wazi. Ukisema "ngoja nione" au "labda baadaye", mwenyekiti ataweka jina lako na wewe ndiye utakuwa umemkwamisha. Sababu ni mbili tu na ni za kweli. Usidanganye unaumwa, maana Jumapili watakuona kwenye karai. Na msaada una kazi moja, siku, saa na mwisho wake. Ukisema "nitasaidia nitakapoweza", umechukua uweka hazina bila cheo.

Na huo uhakiki ni kitu gani? Nachukua vitabu vya wanachama watano bila kuchagua, nahesabu mihuri ya hisa, nazidisha kwa bei ya hisa, naangalia kama daftari kuu linasema hivyo hivyo. Halafu naangalia mkutano wa mwisho. Chukua mfano: sanduku lilianza na 80,000, hisa 290,000, marejesho 340,000, faini 6,000. Jumla 716,000. Mikopo iliyotolewa ni 650,000, kwa hiyo sandukuni panatakiwa kubaki 66,000. Washika funguo wakifungua saa nane na wahesabu fedha wakakuta 64,000, ile 2,000 inatafutwa hapo hapo kabla hisa mpya hazijaingia. Mara nyingi ni faini iliyoandikwa bila kulipwa. Ikiachwa wiki tatu, itageuka maneno.

Mimi pesa sishiki, ufunguo sina, sisaini popote. Kwenye msaada mdogo huo mpaka ni muhimu, kwa sababu siku pesa ikipungua anayeulizwa ni aliyeigusa. Nilimwomba pia katibu aandike msaada wangu kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na mwezi wa mwisho. Bila maandishi, miezi mitatu inakuwa mwaka.

Lakini jiandae, watajaribu kuuvuta. Mwezi wa pili mweka hazina alinipigia simu siku ya kazi, saa kumi jioni, nimsindikize halmashauri kesho yake. Wiki iliyofuata akaniomba nikae na daftari kuu "mpaka Jumapili tu". Dalili ni hizo: simu saa za biashara, na vitu vya ofisi kuanza kulala kwako. Nilimjibu, "Mdogo wangu, hilo la halmashauri mwambie katibu, ndiyo kazi yake. Daftari kaa nalo wewe, Jumapili ya kwanza tutalikagua pamoja." Hakununa. Alikuwa hajui mpaka uko wapi, nikamwonyesha.

Kitu kimoja cha mwisho. Kama vitabu havijalingana mpaka mwezi wa tatu, usiongeze muda kimya kimya. Lipeleke kwenye mkutano: huenda mweka hazina anahitaji kufundishwa zaidi, huenda anahitaji msaidizi wa kuchaguliwa. Hayo wanachama ndio wa kuamua. Kwetu mwezi wa tatu vitabu vyote vitano vililingana, katibu akaandika kwamba kazi yangu imeisha, na Jumapili iliyofuata nilifika saa nane kama wanachama wengine.